Dolutegravir au Lapdap: ipi uibebe kwenye asaimenti ya hatua za kutengeneza dawa

Swali lenyewe wengi mnalijua, linakuja karibu kila mwaka kwenye famakolojia: elezea hatua inazopitia dawa kuanzia maabara na wanyama mpaka ufuatiliaji baada ya kuingia sokoni, tumia mfano wa dawa moja. Hatua zenyewe siyo shida, ziko kwenye slaidi. Shida ni mfano. Nusu ya darasa inakimbilia thalidomaidi, mhadhiri anaisoma mpaka anachoka, na ukweli thalidomaidi ni mfano mbovu kwa swali hili, kwa sababu iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1957 kabla mfumo wa awamu tunaousoma leo haujawekwa, sasa utaelezea awamu ya 2 ya dawa ambayo haikupita huko kwa namna tunayoijua?

Mimi naona ziko dawa mbili zinazotufaa zaidi huku kwetu. Ya kwanza ni dolutegravir, ile iliyomo ndani ya TLD, kidonge cha ARV ambacho kila siku kinatolewa kwenye CTC zetu. Ya pili ni Lapdap, dawa ya malaria ambayo wengi wenu hamjawahi hata kuiona, maana ilisajiliwa 2003 na ikaondolewa 2008. Zote mbili kampuni ya GSK imo ndani, zote zilipita awamu ya 3 vizuri, na zote zilipata msala baada ya kusajiliwa. Tofauti ni kwamba moja ilisafishwa na nyingine ikafa. Tuziweke sambamba, halafu uamue kutokana na swali lako linataka nini.

Tuanze na maabara na wanyama. Hapa dolutegravir inashinda wazi, kwa sababu ilikuwa molekyuli mpya kabisa, iliyotengenezwa na Shionogi ya Japani pamoja na GSK, kwa hiyo kila kitu kilibidi kifanywe toka mwanzo. Inazuia integresi, kimeng'enya ambacho VVU anakitumia kupachika vinasaba vyake kwenye DNA ya seli yetu. Kule maabara walipata namba moja ambayo naomba uishike maana itakusaidia kwenye awamu ya 1: ili kuzuia virusi kwa asilimia 90 kukiwa na protini za damu, unahitaji mikrogramu 0.064 kwa mililita. Kwa wanyama walipima mengi, likiwemo la mimba kwa panya na sungura, na watoto wa wanyama hao hawakuonyesha ulemavu uliotokana na dawa. Liandike hilo, utalirudia huko mbele.

Lapdap hatua hii ni nyembamba, na ndo mtego wake. Ni mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni, dawa mbili za zamani. Dapsoni ilishatumika kwa ukoma miaka na miaka, hivyo haikuwa dawa ya kuanza kujuliwa upya. Na ilijulikana tayari kwamba dapsoni inavunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa watu wenye upungufu wa G6PD. Ini linaigeuza dapsoni kuwa kitu kinaitwa hidroksilamini, kile kinaingia kwenye chembe nyekundu na kuichoma kwa oksidesheni, na chembe ya kawaida inajitetea kwa kutumia G6PD, ile isiyo na G6PD ya kutosha inapasuka. Hakuna aliyelazimika kusubiri awamu ya 4 ili alijue hilo. Swali lilikuwa ni kiasi gani, kwa nani, na kwa dozi ipi.

Na dozi hapa ni ya kuangalia kwa makini. Mtu mzima wa ukoma anameza miligramu 100 za dapsoni kwa siku, ukimchukulia ana kilo 60 hiyo ni kama miligramu 1.7 kwa kila kilo. Lapdap ilikuwa miligramu 2.5 kwa kilo kila siku kwa siku 3, pamoja na klorproguanili miligramu 2 kwa kilo. Yaani ni siku chache ila kwa siku moja mtoto anapata zaidi kwa kila kilo, halafu anapewa akiwa tayari na malaria ambayo yenyewe inakula damu. Mwanafunzi akiweka hesabu hii kwenye asaimenti ameshajitenga na wenzake wanaoandika tu "dawa ilikuwa salama kwa wagonjwa wa ukoma".

Awamu ya 1 sitakaa sana. Kwa dolutegravir ni watu wazima wenye afya, wakaanza na miligramu 2 wakapanda taratibu mpaka 100 kwa dozi moja, halafu kundi lingine likameza 2, 10 au 50 kila siku kwa siku 10. Sasa kumbuka ile 0.064. Waliomeza 50 kila siku, kabla tu ya dozi inayofuata, yaani pale dawa ilipokuwa imeshuka kuliko muda wote, bado walikuwa na kama mikrogramu 1.6 kwa mililita. Gawanya 1.6 kwa 0.064 unapata 25. Hapo ndo unaona kwa nini kidonge kimoja kwa siku kinatosha na kwa nini hata mgonjwa akichelewa masaa kadhaa dawa bado ipo, hasa ukizingatia inachukua kama masaa 14 kupungua nusu. Huo mstari mmoja unaunganisha maabara na binadamu, na wahadhiri wanaupenda kwa sababu unaonyesha umeelewa awamu zinategemeana, siyo orodha tu. Kwa Lapdap huna hadithi nzuri namna hii, vipande vyake vilifahamika kabla na kazi kubwa ilikuwa kutafuta mpangilio wa dozi kwa wagonjwa wenyewe.

Awamu ya 2 zote mbili zina kitu. Dolutegravir ilianza na wagonjwa 35 tu wa VVU, wakapewa dawa hiyo peke yake au plasibo kwa siku 10. Waliopata 50 wastani wa virusi ulishuka log 2.46. Usiandike log ukaiacha hivyo hivyo, ifungue: log 2.46 ni kugawa kwa kama 290, maana yake mtu aliyeanza na kopi 100,000 anashuka mpaka kama 350 kwa siku 10. Baada ya hapo ikaja SPRING-1, watu 205, dozi 10, 25 na 50 zikilinganishwa na efavirenz, na wakaichagua 50 kuibeba mbele.

Lapdap awamu zake za kati zimefanyika nyumbani kabisa. Kilifi pwani ya Kenya ndo ilikuwa mojawapo ya sehemu kuu, na Muheza kule Tanga walifanya kazi ambayo matokeo yake yalitoka 2001, wakiwapa Lapdap watoto ambao SP (Fansidar) ilishawashinda. Muda huo Tanzania ndo ilikuwa inatoka kwenye klorokwini inaingia SP, na tayari watu wanaona SP nayo haitadumu, kwa hiyo unaelewa kwa nini dawa rahisi isiyokaa muda mrefu mwilini ilikuwa inatafutwa kwa haraka. Kama uko chuo cha Tanga au Mombasa na unataka asaimenti yenye sura ya kwenu, hapa Lapdap inakupa kitu ambacho dolutegravir haikupi.

Sasa awamu ya 3, na hapa ndo uamuzi unaanza kuiva.

Dolutegravir ilikuwa na majaribio kadhaa makubwa, nikushauri uchukue mawili basi. SPRING-2 ilikuwa na watu zaidi ya 800, ikailinganisha na raltegravir, wiki ya 48 asilimia 88 walikuwa na virusi chini ya kopi 50 dhidi ya 85. SINGLE nayo watu zaidi ya 800, ikalinganishwa na kidonge chenye efavirenz, 88 dhidi ya 81, na hiyo tofauti kwa sehemu kubwa ilitoka kwa watu walioacha efavirenz kwa madhara, wale mnaowajua wanaolalamika ndoto mbaya na kizunguzungu. FDA ya Marekani ikaisajili tarehe 12 Agosti 2013. Kitu cha kuandika kwa wino mzito: wajawazito hawakuruhusiwa, na wanawake wanaoweza kushika mimba walitakiwa kutumia uzazi wa mpango. Kwa hiyo hata majaribio yangekuwa na watu elfu ishirini kwa masharti yale yale, swali la mimba lingebaki halijajibiwa.

Lapdap ilikuwa na jaribio lililochapishwa 2004, watoto 1850 wa Gabon, Kenya, Malawi, Nigeria na Tanzania, mgonjwa hajui na daktari hajui nani kapewa nini. 1480 walipata Lapdap na 370 walipata SP. Siku ya 14 Lapdap ilifanikiwa kwa asilimia 96, SP 89. Kwa kuua vimelea hakuna ubishi, ilishinda. Uingereza walishaisajili tangu Julai 2003. Lakini angalia mgawanyo huo, nne kwa mmoja. Tuseme, kwa hesabu tu, mtoto mmoja kati ya 10 ana upungufu wa G6PD. Upande wa Lapdap unapata watoto 148, upande wa SP unapata 37. Sasa unataka kujua kama kushuka kwa damu kwa hao 148 kumeletwa na dawa au na malaria yenyewe, na wa kulinganisha nao ni 37 tu. Halafu SP nayo ina salfa ndani, siyo dawa safi kabisa ya kulinganishia upande wa damu. Dalili ya damu kushuka ilionekana kwenye jaribio, siyo kwamba ilifichwa, na WHO iliita wataalamu wakaipitia na kutoa tahadhari kuhusu G6PD. Ila kuiona dalili ni kitu kimoja, kuipima ni kingine.

Watu wengi hapa wanaandika kosa moja kubwa: "Lapdap iliondolewa kwa sababu ya usugu" au "haikufanya kazi". Hapana. Iliua vimelea vizuri tu. Ukiandika hivyo mhadhiri anajua hukusoma.

Awamu ya 4 ndo kiini cha kuchagua, tuikalie.

Botswana iliingiza dolutegravir kama chaguo la kwanza mwaka 2016, na tangu Agosti 2014 ilishakuwa na mradi unaitwa Tsepamo kwenye hospitali kubwa za serikali zinazozalisha. Kinachofanyika ni kitu rahisi kukielezea: kila mtoto anayezaliwa pale, awe hai au mfu, mkunga anamkagua mwili mzima, kisha wanaangalia kadi ya mama alikuwa anatumia dawa gani na alianza lini. Hawasubiri mtu alete taarifa, wanahesabu wote, na muhimu zaidi wanajua idadi ya chini ya sehemu, yaani wangapi walitumia dawa kwa jumla.

Mei 2018 wakatangaza: kwa wanawake 426 waliokuwa tayari wanatumia dolutegravir wakati mimba inaingia, watoto 4 walikuwa na kasoro ya mrija wa neva, mgongo wazi na jamii yake. Hiyo ni asilimia 0.94. Kwa ARV nyingine ilikuwa kama 0.12. Mrija wa neva unafunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutungwa, mama hata hajajua kama ana mimba, ndo maana swali ni alikuwa anameza nini siku mimba inaingia, siyo alianzishiwa nini kliniki ya wajawazito.

Fanya hesabu hii mwenyewe kwenye asaimenti yako, ina thamani kuliko aya tatu za maelezo. Kiwango cha kawaida ni kama 0.1 kwa mia. Kwa wanawake 426 ungetarajia watoto 0.4, yaani hata nusu mtoto hafiki. Wamepatikana 4. Inatisha. Lakini angekosekana mmoja asilimia inakuwa 0.70, angeongezeka mmoja inakuwa 1.17. Mtoto mmoja tu anaisogeza namba yote hivyo, kwa hiyo hapo unayo dalili, bado huna jibu.

Nchi hazikusubiri jibu. WHO ilitoa tahadhari, sehemu nyingi zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa kupata dolutegravir, au wakatakiwa kuonyesha wanatumia uzazi wa mpango ndo wapewe. Julai 2018 wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali wakatoa tamko kwamba wao wenyewe ndo wanatakiwa kuchagua wakishaelezwa, na usiwarudishe kwenye efavirenz kwa nguvu. Hilo ni la famakolojia kabisa, kwa sababu kuamua hatari ipi inakubalika siyo kazi ya takwimu peke yake.

Tsepamo wakaendelea kuhesabu. 2019 ikawa 5 kwa 1683, asilimia 0.30, na Julai mwaka huo WHO ikaipendekeza kwa wote wakiwemo wanawake. 2022 ikafika 10 kwa 9460, asilimia 0.11, sawasawa na dawa nyingine. Ukitoa wale 426 wa mwanzo, waliofuata ni wanawake 9034 na watoto 6, chini ya 0.07. Kwa hiyo ile dalili ya 2018 inaelekea ilikuwa bahati mbaya ya namba ndogo. Kosa la upande huu ni kusoma makala ya 2018 ukaishia hapo, ukaandika dolutegravir inasababisha mgongo wazi. Nimeona hilo kwenye kazi za watu, na ni la kusikitisha maana mtu kafanya kazi yote vizuri akakwama kwenye mwaka.

Lapdap haikuwa na Tsepamo yake. Fikiria zahanati ya kijijini miaka ile. Mtoto kaja na homa, kapewa Lapdap ya siku 3, kaenda nyumbani. Kipimo cha G6PD hakipo. Damu inashuka siku ya 3 mpaka ya 7 hivi, wakati dawa imeshaisha na homa imepoa, mama anaona mtoto amepata nafuu. Akigundua viganja vimekuwa vyeupe, macho ya njano au mkojo mweusi kama koka, anamrudisha, na mhudumu anaandika nini? Malaria na upungufu wa damu. Ni sahihi kabisa kwa jinsi anavyoona, kwa sababu malaria inafanya hivyo hivyo. Nani atajaza fomu ya njano ya madhara ya dawa kwa kitu kinachoonekana ni ugonjwa wenyewe? Ufuatiliaji wa kusubiri taarifa unashika vizuri madhara ya ajabu ajabu, ngozi kubabuka, midomo kuvimba. Madhara yanayofanana na ugonjwa unaotibiwa yanapita katikati ya vidole.

Jibu lilitoka mlango mwingine. GSK na MMV, shirika linalosukuma utengenezaji wa dawa za malaria, walikuwa wanatengeneza mrithi wake, Dacart, ambayo ni Lapdap ukiongeza atesuneti. Majaribio yake ya awamu ya 3 yakaanza 2006, na moja lilikuwa na watoto 1395 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria na Tanzania, likilinganisha Dacart na ALU. Safari hii mambo mawili yalibadilika: G6PD ilipimwa, na wa kulinganishwa naye, ALU, haina dapsoni wala salfa. Watoto wenye upungufu wakashuka damu vibaya kwenye upande wa Dacart, wengine wakahitaji kuongezewa damu. Februari 2008 Dacart ikasitishwa, na kwa kuwa dapsoni ni ile ile na dozi ni ile ile, Lapdap nayo ikaondolewa sokoni. Yaani awamu ya 3 ya dawa moja ndo iliyoimaliza awamu ya 4 ya nyingine. Ukichora mchoro wa mishale iliyonyooka, maabara kwenda awamu ya 1 kwenda 2 kwenda 3 kwenda 4, Lapdap inauvunja.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama swali linasema "elezea hatua zote" na alama zimegawanywa kwa kila hatua, chukua dolutegravir bila kufikiri mara mbili. Kila hatua ina utafiti wake wenye jina na namba, hutabaki na shimo, na awamu ya 4 ina mwanzo na mwisho. Hasara yake ni kwamba ukitegea utaandika ripoti ya mafanikio tu, kwa hiyo nguvu zako ziweke Botswana, karibu theluthi ya kazi nzima, na hesabu ya 426 iwepo.

Kama swali lina maneno kama "jadili", "tathmini", au "mapungufu ya", Lapdap ni tamu zaidi. Inakuruhusu kubishana: je, ile dozi ilikuwa sahihi, je, SP ilikuwa mlinganisho mzuri, je, ilikuwa sawa kuisajili dawa inayohitaji kipimo ambacho zahanati haina. Hayo hayana jibu moja, na kwenye dolutegravir huwezi kuyapata kirahisi. Hasara ni kwamba hatua ya wanyama na awamu ya 1 zitakuwa fupi, na mhadhiri anayesahihisha kwa kutiki visanduku anaweza kukukata. Muulize kabla, tena kwa heshima, "mwalimu, naruhusiwa mchanganyiko wa dawa za zamani?" Wengine hawataki.

Kuna anayesema aweke zote mbili. Kwa maneno 1500 usijaribu, utagusa juu juu. Kama ni 3000, basi beba dolutegravir kuanzia maabara mpaka usajili, na ukifika awamu ya 4 ndo uiingize Lapdap kwa aya mbili tu, kuonyesha tofauti kati ya kuhesabu kila mtoto anayezaliwa na kukaa unasubiri fomu.

Na ukienda na Lapdap, weka grafu ndogo ya himoglobini: siku ya 0, 3, 7 na 14 kwenye mstari wa chini, kisha chora mstari wa wima kuonyesha dozi ya mwisho imeishia wapi na mtoto amerudi nyumbani lini. Chora kwa mkono tu, haina haja ya programu.